Mwito wa Kioda na Chalenji ya Sabuni

Kuna neno ambalo sitaki kulisikia, nalo ni "kutrendi". Wajukuu wangu wanalijua hilo. Wakitaka kulitaja mbele yangu wanashusha sauti kama mtu anayetaka kutukana kanisani. Mimi nimebeba usipa kichwani miaka mingi, nikanuka usipa mpaka abiria wenzangu wakawa wanahama kiti. Sijawahi kunusa kitu kinachonuka kama kile nilichokiona ndani ya simu mwaka ule wa ngoma ya mdogo wangu.

Niseme mimi ni nani, msomaji asije akadhani anaongea na mtu wa ofisini. Shule niliacha nikiwa darasa la tatu. Walionisomesha ni usipa, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani hapa Ziwa Nyasa. Nilikuwa nawanunua kwa akina mama wa Mbaha, nawapandisha milimani, nawauza Mbinga, Ruanda na Matiri, nashuka na maharage na mahindi. Kwa kazi hiyo nikanunua shamba la kahawa Matiri, kwa jina langu, si la mume wala la kaka. Kwa kahawa nikajenga nyumba ya wageni huku chini ufukweni. Nasema haya kwa majivuno na simwombi mtu radhi.

Mdogo wangu yeye hakupenda biashara. Alipenda kioda. Hii ni ngoma ya wanawake wa mwambao wetu, wanavaa magauni meupe, wanajipanga mistari, wanakwenda kwa hatua ndogondogo huku ngoma inapigwa, halafu wote wanageuka kwa pamoja. Kwenye kule kugeuka ndiko watu wanakopiga vigelegele. Mdogo wangu ndiye malkia wa kikundi chao, maana yake ndiye anayesimama mbele na ndiye mwenye kauli.

Kioda ina desturi moja ambayo bila hiyo hakuna ngoma. Kikundi kinaita kikundi. Anayeita anapika, anaandaa pa kulala, anapokea wageni kwa heshima. Aliyeitwa anakuja, anacheza, anakula, na msimu unaofuata yeye ndiye anaita. Zamani walikuwa wanatumwa wanawake wawili kupeleka mwito. Wanafika kule, wanakaa, wanapewa chakula, wanarudi na jibu. Ukishaita na wakakujibu ndiyo, unapika. Na ukipika asije mtu, hiyo ni aibu ambayo watu wanaisimulia mpaka kwa watoto wa watoto wako.

Sasa vikundi vimekufa. Mabinti wamepanda Mbinga, wamekwenda Songea, wamekwenda mbali zaidi. Kikundi cha mdogo wangu kilikuwa kimekaa misimu kadhaa hakijaita wala kuitwa. Wakacheza peke yao, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe. Mwishowe wanawake wakakaa kikao uani kwangu, na mmoja wao, fundi cherehani mwenye mdomo mkali, akasema waziwazi:

"Malkia, sisi tunakupenda. Lakini ngoma bila mgeni ni mazoezi. Msimu huu asipokuja mtu, kila mmoja akunje gauni lake aliweke sandukuni. Basi."

Hakuna aliyembishia. Mdogo wangu alikuwa anasugua magoti yake. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Nilijua anachowaza: nikikiacha hiki, hakuna atakayekiinua tena.

Wakati huohuo nilikuwa na mgeni kwenye nyumba yangu, kijana kutoka mjini, mwenye miguu mitatu ya kusimamishia simu na taa ya duara kama ungo. Alijitambulisha kuwa ni mtaalamu wa mitandao, anazunguka "kutafuta vipaji". Alikuwa na heshima ya mdomoni. Asubuhi "shikamoo bibi", jioni "shikamoo bibi", sahani anairudisha jikoni mwenyewe. Kikao cha akina mama alikisikia chote, maana dirisha la chumba chake liko hapohapo uani. Hawajatawanyika, akatokea.

"Samahanini, mama zangu," akasema. "Siku hizi hakuna anayetuma watu kwa miguu kupeleka mwaliko. Mnaitia hapa." Akainua simu.

"Hapo tunaitaje?" mdogo wangu akauliza.

"Mnaingia kwenye chalenji. Sasa hivi kuna moja inatrendi nchi nzima. Nguo Nyeupe Chalenji. Watu wanavaa nyeupe, wanacheza wimbo mmoja, sekunde chache tu, wanaweka alama ya reli, yaani hashtegi, na jina la chalenji. Na nyie nyeupe mnazo tayari! Mtu akibonyeza lile jina anawaona wote walioingia. Mkishapanda kwenye ukurasa wa vinavyovuma, kikundi gani cha mwambao kitasema hakijawaona?"

Fundi cherehani akapiga makofi. "Kumbe sisi ndio tumechelewa!"

Nikamuuliza, "Hiyo chalenji ni ya nani?"

"Ya watu wote, bibi."

"Kitu cha watu wote hakipo. Nani ameianzisha?"

"Kuna kampuni ya sabuni inaidhamini kidogo," akasema, na akageukia wengine haraka. Mimi nimekaa sokoni. Mtu akisema "kidogo" huku anageuza uso, najua mzigo uko chini ya hicho kidogo. Lakini ngoma haikuwa yangu, malkia ni mdogo wangu, na macho yake yalikuwa yamewaka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. Nikawaachia.

Siku ya kurekodi nilikwenda ufukweni kutazama. Wanawake wamepiga pasi magauni, wamefunga vilemba, mpiga ngoma amekaa tayari. Kijana akamwambia mpiga ngoma asogee kando, asionekane, na asipige.

"Asipige?" mdogo wangu akashangaa. "Tutacheza nini?"

"Kuna sauti ya chalenji, mama. Lazima itumike ileile, ndiyo inayowaunganisha na wengine."

Akaifungulia. Wimbo wa sabuni. Kuna msichana anasema povu, povu, halafu mlio kama debe linaburutwa. Na hatua zake zipo, akawafundisha: mikono juu kama unaanika nguo, kiuno kushoto, kiuno kulia, nusa kwapa, tabasamu. Wanawake wenye wajukuu, nawaona hivihivi, wananusa makwapa mbele ya ziwa. Mpiga ngoma alikaa na vijiti vyake mapajani, anatazama pembeni.

"Na kule kugeuka?" mdogo wangu akauliza.

"Mwishoni, mama, kama sekunde zitatosha."

Kisha akaandika maneno ya chini ya video. Nikamwambia anisomee, maana herufi ndogo zinanisumbua. Mwito wenyewe, yaani kwamba kikundi kinawaita wenzao wote wa mwambao, siku fulani, mahali fulani, alikuwa ameuandika mstari mmoja. Juu yake na chini yake akapanga hashtegi kama matofali: ya sabuni, ya timu za mpira, ya mwimbaji fulani, ya mvua kubwa ya huko mjini, hata ya mtihani wa shule.

"Mpira umeingiaje kwenye kioda?"

"Ni za kuvutia watu, bibi. Zote zinavuma."

"Kwa hiyo anayetafuta mpira akute dada zangu wananusa makwapa."

Wanawake wakacheka. Yeye naye akacheka, akapakia.

Kwa siku chache hakukuwa na kitu. Kisha idadi ya watazamaji ikaanza kupanda, ikapanda kama maziwa yanayochemka. Wanawake wakawa wanashinda uani kwangu, ambako umeme wa kuchajia upo, wanamsubiri kijana atoke na simu. Akawaonyesha ukurasa wa chalenji, na video yao ilikuwa juu kabisa. Vigelegele! Mmoja akakimbia kumwita mumewe. Mimi nikatoa simu yangu, nikamwambia mjukuu anitafutie ukurasa uleule. Tukaona wasichana wa mjini, tukaona mtoto na mbwa aliyevalishwa fulana nyeupe. Kikundi chetu hatukukiona mpaka mjukuu akachoka kusukuma kidole. Tukatazama simu ya mwalimu jirani, nayo ikawa na mpangilio mwingine kabisa.

"Mbona kwangu hampo?" nikamuuliza kijana.

"Simu yako haijazoea, bibi," akasema.

Simu haijazoea! Kama ng'ombe.

Lakini mdogo wangu hakuwa anatazama simu yangu. Alikuwa anatazama mioyo. Chini ya video watu walikuwa wameweka mioyo mingi myekundu, na vile vikatuni vya nyuso zinazocheka mpaka machozi yanatoka. Mdogo wangu alikulia kwenye desturi ambayo mwito unarudi na jibu. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuiharibu furaha kwa kuitaja:

"Dada, wamejibu. Hii mioyo yote ni watu wanasema ndiyo. Na hawa wanaocheka wamefurahi."

Wanawake wote walielewa hivyohivyo. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Walifanya kile ambacho mama zao wangekifanya wakiletewa jibu: walianza kuandaa. Mchele ukaletwa kwa magunia, mbuzi wakafungwa, kuku wakakusanywa nyumba kwa nyumba, togwa ikawekwa, mikeka ikaazimwa mpaka kanisani kigangoni. Mimi nikatoa vyumba vyangu vyote na sufuria zangu kubwa. Na yule kijana aliona haya yote. Alipita katikati ya magunia kila siku akisema shikamoo.

Ngoma ikiwa keshokutwa, usingizi wa mchana ukanikataa. Nikawaza kama mfanyabiashara. Nikipeleka usipa Mbinga, sihesabu watu waliopita mbele ya meza yangu. Nauliza nani amesimama, anatoka wapi, atarudi? Nikaenda kumgongea kijana.

"Nionyeshe hawa watazamaji wanakaa wapi."

"Bibi, hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Unakaa kwenye chumba changu. Nionyeshe."

Akafungua. Kumbe simu inajua kila kitu, na yeye muda wote alikuwa anajua kwamba inajua. Kulikuwa na mistari inayoonyesha watu wanatoka wapi. Mstari mrefu ulikuwa Dar es Salaam, mwingine mrefu nchi jirani, mingine miji ambayo sijawahi kuisikia. Wa Ruvuma ulikuwa mwembamba kama uzi, na nadhani nusu ya uzi huo ni sisi wenyewe tuliokuwa tukijitazama uani. Chini yake pakaonyesha muda ambao mtu anakaa kutazama. Walikuwa wanaondoka mara tu mikono inapopanda juu. Mdogo wangu alikuwa anageuka mwishoni kabisa, na karibu hakuna aliyefika huko.

"Sasa nieleze," nikamwambia, "na usinifiche neno. Nani anachagua kitu kiwe kwenye huo ukurasa wenu?"

Akakaa kitandani. Nadhani alishachoka kuigiza, akaongea kama mtu.

"Inategemea, bibi. Hii ya sabuni, kampuni imelipia. Ndiyo maana ukifungua tu inakaa mbele. Nyingine zinachaguliwa na mashine. Haiangalii tu wangapi wamesema kitu, inaangalia wameanza kwa haraka kiasi gani. Kitu kinachosemwa na watu wengi kila siku hakipandi. Kinachopanda ni kilicholipuka ghafla. Na haiwi sawa kwa kila mtu. Inaangalia nchi uliyopo, unachopenda kutazama, unaowafuata. Ukurasa wangu si wako."

"Ndiyo maana kwako tulikuwa juu."

"Mimi ndiye niliyepakia, na nimeitazama mara nyingi. Simu inadhani ndiyo ninayoipenda."

"Na anayejiunga na chalenji anasaidika?"

Akashusha pumzi. "Kidogo. Wakati mwingine. Ukiwahi mwanzoni, na kitu chako kikafanana na wanachokitafuta. Lakini hashtegi yenyewe haikubebi. Inaiambia mashine tu kitu chako kinahusu nini. Mashine inakionyesha kwa watu wachache kwanza. Wakitazama mpaka mwisho, wakawatumia wenzao, inaongeza. Wakipita, inaacha. Mkiwa mmejipanga na maelfu wanaocheza wimbo uleule, mnakuwa tone."

"Na zile za mpira?"

"Zile... hazisaidii. Zinaleta watu wasiowahusu, wanapita haraka, ndiyo kabisa mashine inaona hamtazamwi."

Nilimwangalia. Shati safi, marashi, meno meupe. "Ulikuwa unajua haya siku ile uani?"

"Bibi, mimi kazi yangu ni kuleta vikundi. Kampuni inanilipa kwa kila kikundi kinachoingia. Sikumwambia mtu apike."

Sikumwambia mtu apike. Nimewahi kudanganywa na walanguzi wa kahawa, nimewahi kuuziwa mafuta yenye maji, lakini wale walikuwa wanajua kwamba wanaiba na walikwepa macho yangu. Huyu alinitazama usoni, hata hakuona amefanya nini.

"Kama wanapita haraka hivyo," nikasema, "hao watazamaji wote wametoka wapi?"

Hapo ndipo alipokwepa. Nikamnyang'anya simu. Akajaribu kuichukua, nikamtazama, akaacha. Nikamwambia anionyeshe au alale barabarani. Akabonyeza.

Kulikuwa na mtu mmoja wa mjini, mwenye wafuasi wengi, kazi yake ni kuchekesha. Alikuwa ameichukua video ya mdogo wangu akaiweka nusu ya kioo, nusu nyingine akajiweka yeye. Wao wanacheza, yeye ameshika pua, anajifanya kuzimia kwa harufu. Juu ameandika: mabibi wa sabuni. Akaisimamisha pale ambapo mdogo wangu ananusa kwapa, akamvuta uso uwe mkubwa. Watu walikuwa wanaitazama ile, halafu wanakuja kwenye yetu kuchungulia na kucheka zaidi. Yale machozi ya kicheko ambayo mdogo wangu alisema ni furaha yalitoka huko.

Nasema kweli, nilitoka nje nikashika ukuta.

Kumficha mdogo wangu sikuweza. Nilimkuta anapepeta mchele na wenzake wawili. Nikamwita kando ya zizi la mbuzi, nikamweleza yote, mioyo ni nini, sabuni ni ya nani, watazamaji wanakaa wapi, na yule mchekeshaji anawafanyia nini. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Nionyeshe huyo mtu."

"Usiitazame, mdogo wangu."

"Ni uso wangu, dada."

Akaitazama mpaka mwisho. Nilisubiri alie. Akanirudishia simu.

"Hajaniacha hata nigeuke," akasema. "Wote hao wamecheka, na hawajaona kioda. Hakuna hata mmoja aliyeiona."

"Tuwaambie watu tumeahirisha. Mbuzi warudi, mchele tutaugawana."

"Mwito umeshatoka. Siurudishi."

"Umetoka kwenda wapi? Umekwenda Dar! Umekwenda kwa wapenda mpira!"

"Basi hao wa huku hawajaitwa." Akanishika mkono. "Wewe una namba za akina mama wote uliowahi kununua usipa kwao. Hebu niwaite."

Tukakaa palepale kwenye gogo. Nikashika simu, nikamrekodi sauti tu, si video. Hakuna wimbo wa mtu, hakuna nyeupe wala nyeusi. Nyuma yake mpiga ngoma alikuwa amekuja, akapiga taratibu mlio wa kuita, ule ambao mwanamke yeyote wa mwambao akiusikia anaacha mwiko. Mdogo wangu akaita kwa Kinyasa, akitaja vikundi kimoja kimoja, vilivyo hai na vile ambavyo hakuwa na uhakika kama vipo. Akataja majina ya malkia wao, mmoja baada ya mwingine. Akasema: tumepika, tunawasubiri, nijibuni. Nikaituma sauti ile kwa mama mmoja mmoja, hao wakawatumia wenzao, ikaingia kwenye makundi ya simu ya akina mama wa kanisa, kutoka kijiji hadi kijiji.

Majibu yakaja, na yalikuwa majibu ya kweli. Mmoja akasema kikundi chao kilikufa pamoja na malkia wao. Mwingine akasema magauni wameyakata wakawashonea watoto. Mwingine akasema, mwenzangu, kwa nini hukuita mapema, keshokutwa tuna mazishi. Mwingine akatukana kidogo, kwamba wamesikia tumehamia kwenye kufua. Mdogo wangu alisikiliza kila moja mpaka mwisho. Kikundi kimoja tu, cha kusini mwa mwambao, kikasema: tutaangalia usafiri.

Kijana nilimtoa siku hiyohiyo. Alifunga taa yake na miguu yake mitatu bila kubisha. Pale mlangoni akageuka, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananikejeli au ananifariji:

"Lakini bibi, mmetrendi."

Nikafunga mlango.

Siku ya ngoma tulikuwa tumepika kwa ajili ya umati. Ilikuwa lazima; mchele ulishaoshwa, mbuzi walishachinjwa, na wanawake wengine walikuwa bado hawataki kuamini. Walipanga mikeka safu safu, wakavaa, wakasimama wakitazama njia ya gari na kutazama maji. Asubuhi ikapita. Jua likapanda. Wali uliopikwa alfajiri ukaanza kutoa ile harufu ya uchachu, na inzi wakaja kabla ya mgeni yeyote. Fundi cherehani alikaa peke yake, ameshaanza kufungua kilemba.

"Kiache hapo kichwani," mdogo wangu akamwambia.

"Malkia, kwa ajili ya nani?"

Jua likiwa limeanza kuinama, boti ya injini ikatokea upande wa kusini, imekaa chini kwenye maji. Ilikuwa na wanawake, si wengi, wengi wao wazee kuliko sisi. Magauni yao yalikuwa yamegeuka rangi ya maziwa ya kuchacha. Walishuka wameshikana mikono, maji mpaka magotini, na malkia wao, mama mnene mwenye fimbo, hata hajafika mchangani akaanza kutuimbia. Kioda inaruhusu hivyo, mgeni kumchokoza mwenyeji.

"Tuonyesheni sabuni, tuonyesheni povu! Tumetoka mbali tunanuka, tuogesheni!"

Wenzake wakaitikia na kushika pua. Nikaona damu inampanda mdogo wangu usoni. Wanawake wetu wakainamisha vichwa. Wakati huo niliwachukia wote, wa kwenye boti, wa kwenye simu, na kampuni yenyewe.

Mdogo wangu akatoka mbele peke yake. Akamwashiria mpiga ngoma. Akaimba jibu lake papo hapo:

"Aliyecheka kwenye simu hajafika! Wewe uliyefika, vua viatu, uone tunavyogeuka!"

Na akageuka, kwa yale magoti mabovu, polepole, gauni likifuata nyuma yake. Mama mwenye fimbo alisimama akitazama mpaka mwisho. Kisha akaitupa fimbo mchangani akapiga kigelegele kirefu, na wenzake wakajipanga mistari.

Walicheza mpaka jua likazama. Walikula walichoweza. Kilichobaki kilikuwa kingi, sufuria baada ya sufuria ya wali uliochacha, na kesho yake tuliumwaga kwa nguruwe, nao wengine wakaukataa. Nilizisugua zile sufuria siku nzima na harufu haikutoka. Yule mchekeshaji nasikia amepata wafuasi wengine. Sabuni bado inauzwa. Hakuna aliyerudi kuniomba radhi, na sikutegemea, maana kwenye biashara ile hakuna mtu wa kumshika shati.

Asubuhi ile, kabla boti haijaondoka, mama mwenye fimbo alikuja uani kwangu na mwenzake mmoja. Wakakaa. Tukawapa chai na viazi. Hakuna aliyezungumza mambo ya maana mpaka walipomaliza, kama inavyotakiwa. Ndipo akamgeukia mdogo wangu, wanawake wetu wote wamesimama ukutani wanasikiliza.

"Msimu ujao tunawaita kwetu," akasema. "Tuko wachache, mmetuona. Tutapika kinachotutosha. Naomba jibu nilibebe."

Mdogo wangu hakujibu mwenyewe. Alimtazama fundi cherehani, kilemba chake bado kiko kichwani.

"Tutakuja," fundi cherehani akasema. "Malkia, lete gauni lako nilishone. Limechanika kwapani."